Dawa ya nguvu za kiume kwa bei nafuu: anzia kliniki ya presha

*"Daktari, nina miaka 51, nachomelea vyuma hapa Kondele, Kisumu. Natumia dawa za presha na za sukari. Ni mwaka sasa uume hausimami vizuri, na ukisimama unalegea kabla ya kazi. Nilinunua kidonge kimoja kwa shilingi 500 kutoka kwa jamaa wa steji, nikakimeza baada ya nyama choma na bia, hakikufanya kitu. Sasa kuna mtu wa mitishamba anataka 12,000. Nikienda kemisti nakuta wasichana wa rika la binti zangu, nashindwa kusema. Hizi dawa za jeneriki za bei ya chini ni feki? Na hospitali ya serikali watanisaidia ama watanicheka?"*

Mzee wangu, hizo 12,000 usimpe mtu. Nikikupigia hesabu hapa chini utaona kwamba pesa hizo zinatosha dawa halali ya miaka kadhaa. Ila kabla ya dawa yenyewe kuna kituo kimoja lazima upitie, nacho ni kliniki yako ya presha na sukari. Sikutumi huko ili nikuzungushe. Mtu mwenye presha na sukari anaweza kufa kwa kumeza kidonge hiki pamoja na dawa fulani ya moyo, na pia inawezekana kabisa kwamba moja ya dawa unazomeza kila asubuhi ndiyo inayochangia shida yako.

Nianze na jeneriki, maana hapo ndipo wanaume wengi wanapoteza pesa. Dawa ya kwanza ya vidonge kwa tatizo hili, Viagra, iliidhinishwa mwaka 1998. Dawa yenyewe iliyo ndani ya kidonge inaitwa sildenafil. Viagra ni jina la biashara la kampuni iliyoianzisha. Kampuni hiyo ilikuwa na hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake kwa muda fulani. Muda huo umeisha, na sasa viwanda vingi, hasa vya India, vinatengeneza sildenafil ileile kwa kipimo kilekile na kuiuza kwa majina yao. Hiyo ndiyo jeneriki. Kiwanda kinatakiwa kuthibitisha kwamba dawa yake inaingia kwenye damu kwa kiasi na kwa kasi inayolingana na ile ya kwanza. Rangi inaweza kuwa tofauti, umbo likawa tofauti, na kibandiko cha jina pia, lakini kazi ni moja. Bei imeshuka kwa sababu washindani ni wengi na hakuna anayelipia tena utafiti wa mwanzo.

Feki ni jambo lingine kabisa. Feki ni kidonge kinachojifanya kuwa dawa fulani, ndani kukawa na unga mtupu, au dawa kidogo, au dawa nyingi kupita kiasi. Tena wanaotengeneza feki hupenda kuiga jina kubwa lenye bei kubwa, kwa hiyo bei ya juu si kinga. Hicho cha steji cha shilingi 500 hatuwezi kujua kilikuwa nini. Najua tu kwamba katika kemisti nyingi za mjini, pakiti nzima ya vidonge 4 vya sildenafil ya jeneriki unaweza kuipata kwa pesa hizo au chini yake.

Ukipewa dawa, iangalie kwa utulivu kabla ya kulipa. Iwe kwenye boksi au angalau kwenye karatasi yake ya bati isiyofunguliwa. Iwe imeandikwa sildenafil, sio jina la biashara peke yake, na miligramu zake: 25, 50 au 100. Iwe na jina la kiwanda na nchi, namba ya bechi, na tarehe ya kuisha. Ukiona kipande kilichokatwa na makasi hadi tarehe ya kuisha imebaki kwa muuzaji, au kidonge kimoja kimefungwa kwenye gazeti, kiache hapo hapo. Duka lenyewe liwe na leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu iliyotundikwa ukutani mahali unapoiona, yenye mwaka huu.

Sasa hesabu niliyokuahidi. Tuseme umepata vidonge 4 vya miligramu 100 kwa shilingi 400. Mara nyingi bei ya miligramu 100 haiko mbali sana na ya miligramu 50, na wanaume wengi huanza na 50. Sildenafil ya kawaida ni kidonge kinachoweza kukatwa katikati, maana hakikutengenezwa kutoa dawa polepole. Kwa hiyo vidonge 4 vinakuwa nusu 8 za miligramu 50, kila moja shilingi 50. Ukitumia mara moja kwa wiki, shilingi 400 zinakufikisha karibu miezi miwili, na kwa mwaka hutafika 3,000. Kikatie kwenye sehemu kavu kwa kikata vidonge, kile kidude cha plastiki chenye wembe ndani kinachouzwa kemisti, na nusu iliyobaki irudi kwenye karatasi yake mahali pasipo na unyevu. Mwambie mfamasia kwamba unakusudia kukata, akuangalizie kama aina hiyo inafaa. Za kutafuna na zile za majimaji hazihusiki na hesabu hii.

Turudi kwenye ile nyama choma. Hata kama kidonge cha steji kilikuwa cha kweli, ulikitumia kwa namna ambayo ingekipunguzia nguvu. Sildenafil humezwa kama dakika 30 hadi saa 1 kabla ya tendo. Chakula cha mafuta mengi kinachelewesha kufyonzwa kwake kwa karibu saa 1 na kupunguza nguvu yake. Bia nyingi zenyewe zinalegeza mwili na kushusha presha juu ya ile inayoshushwa na dawa. Na kubwa zaidi, dawa hii haileti hamu wala haisimamishi uume peke yake. Mwanamume anapopata msisimko, mwili wake hutoa kemikali inayolegeza mishipa ya uume ili damu iingie. Sildenafil inachofanya ni kuzuia kemikali hiyo isivunjwe haraka. Pasipo msisimko hakuna kitu cha kulinda. Aliyemeza kisha akakaa kutazama saa yake akingoja miujiza atasema dawa ni bure.

Kwa hiyo jaribio halali liko hivi: tumbo tupu au umekula kitu chepesi kama uji au ugali na mboga zisizo na mafuta mengi, bila pombe au kwa kiasi kidogo sana, subiri saa 1, kisha mpate nafasi na mke wako bila haraka. Nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6. Usirudie kidonge siku hiyo hiyo, kwa sababu kiwango cha juu ni mara 1 kwa saa 24. Na usikate tamaa kwa jaribio moja wala mawili. Sisi huwa tunasema dawa imeshindwa baada ya kujaribiwa vizuri angalau mara 6, tena kwa kipimo cha juu anachoruhusiwa mtu. Wenye sukari ya muda mrefu mara nyingi huhitaji miligramu 100, kwa sababu sukari imeshagusa mishipa midogo na neva.

Lakini usinunue bado. Kuna kundi la dawa za moyo zinazoitwa naitreti. Hupewa watu wenye maumivu ya kifua, nyingine huwekwa chini ya ulimi, nyingine humezwa kila siku. Kwenye kadi au chupa utaona majina kama glyceryl trinitrate, isosorbide dinitrate au isosorbide mononitrate. Mwenye kutumia moja ya hizi hagusi sildenafil wala dawa nyingine za kundi lake kama tadalafil, hata robo kidonge. Zote mbili zinalegeza mishipa kwa njia inayokutana, na zikiwa pamoja presha inaanguka ghafla kiasi cha mtu kuzirai na kufa. Hukuniandikia majina ya dawa zako, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Wanaume wengi wanajua "ile nyeupe ya asubuhi na ile ya manjano ya jioni" tu. Leo jioni chukua kadi yako ya kliniki na pakiti zote zilizo nyumbani, uzipige picha kwa simu, majina yaonekane. Picha hizo utazihitaji mara mbili, kliniki na kemisti.

Jiulize pia kuhusu moyo wako. Je, unaweza kutembea haraka kwenye mlima, au kupanda ngazi za ghorofa mbili, bila kifua kubana wala pumzi kukata? Ukiweza, moyo kwa kawaida unastahimili tendo la ndoa. Usipoweza, dawa isubiri hadi daktari akupime moyo. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile inayolisha moyo, hivyo ugonjwa uleule unaoziba mishipa huonekana chini kwanza. Kwa wanaume wengi shida ya kusimama hutangulia ile ya moyo kwa miaka kadhaa. Mtu wa mitishamba hawezi kuliona hilo, na hata mimi mfamasia nyuma ya kaunta siwezi. Kliniki wanaweza.

Basi kliniki. Kama unachukua dawa zako kwenye zahanati au kituo cha afya cha serikali, anzia hapo hapo. Ukiwa umejisajili na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, huduma za ngazi hizo mbili hulipwa na mfuko wa afya ya msingi, wewe hutoi kitu mfukoni. Hujajisajili? Piga *147# kwenye simu yako, kitambulisho kikiwa mkononi. Ukiwa unahudhuria hospitali kubwa, mathalani Lumumba au ile ya Jaramogi karibu nanyi hapo Kondele ambayo wengi bado wanaiita Russia, uliza dirishani mapema utalipa nini kwa kadi na vipimo, ili usije ukashtukizwa. Wa Nakuru na Kakamega nao wafuate njia hiyo hiyo: zahanati kwanza, hospitali ya kaunti ukiandikiwa rufaa.

Siku ya kliniki ya sukari na presha watu huwa wengi, na pale mbele penye meza ya kupima presha hapana faragha. Usiseme shida yako pale. Subiri uingie kwa afisa wa kliniki au daktari, mlango ufungwe, kisha sema hivi: "Daktari, tangu mwaka jana uume wangu hausimami vizuri. Naomba tuangalie kama ni sukari, presha ama ni dawa zangu." Sentensi mbili zinatosha. Hatakucheka, kwa sababu wanaume wenye sukari wana shida hii kwa wingi, na wewe si wa kwanza kumwambia wiki hiyo. Ukikutana na mtu asiye na adabu, omba kuonana na mwingine. Ni haki yako.

Atakuuliza maswali ambayo ni vyema uyafikirie kabla. Shida ilikuja polepole au ghafla? Je, bado unaamka asubuhi uume ukiwa umesimama? Iliyokuja polepole, na asubuhi hakuna kitu, huelekeza kwenye mishipa na neva. Iliyokuja ghafla, na asubuhi mwili unafanya kazi kama zamani, mara nyingi huelekeza kwenye mawazo, deni, ugomvi nyumbani au hofu ya kushindwa tena. Hamu yenyewe ipo? Ikiwa hamu imepotea kabisa, hapo ndipo kipimo cha homoni ya testosteroni kina maana, na damu yake hutolewa asubuhi kabla ya saa 5, kwa kuwa kiwango hushuka kadiri siku inavyokwenda. Kama hamu unayo, usikubali maabara ya kibinafsi ikuuzie furushi la vipimo vya homoni kabla hujapima sukari na presha. Nimeona wanaume wakifika kwangu na karatasi za maabara za maelfu ya shilingi, na hakuna aliyewahi kuwafunga kile kitambaa cha presha mkononi.

Ngoja nikufanyie mfano kwa mtu kama wewe. Tuseme kadi imeandikwa losartan pamoja na hydrochlorothiazide kidonge kimoja asubuhi, na metformin mara mbili kwa siku. Presha imesoma 152/94. Kipimo cha sukari cha miezi 3 kimesoma asilimia 9, wakati lengo kwa wengi ni chini ya 7. Hapa hakuna naitreti, kwa hiyo mlango wa sildenafil uko wazi. Losartan haina sifa mbaya kwa uume, na metformin vilevile. Hydrochlorothiazide, dawa ya kupunguza maji mwilini, ni mojawapo ya zile zinazojulikana kuongeza shida hii kwa baadhi ya wanaume. Atenolol nayo imo kwenye kundi hilo. Daktari anaweza kuamua kuiondoa hydrochlorothiazide na kuweka amlodipine mahali pake, ambayo nayo ni ya bei ya chini na hupatikana kwa urahisi. Huo ni uamuzi wake. Wewe usiache dawa ya presha kwa kujiamulia, kwa sababu kiharusi kitakuondolea mengi kuliko hilo unalolia nalo. Sukari ya 9 ikishushwa haitarudisha ujana wote, ila itazuia neva zisiendelee kuharibika na kuipa sildenafil kitu cha kufanyia kazi.

Presha ikiwa juu ya 170/110, au chini ya 90/50, dawa ya kusimamisha inangoja hadi presha itulie. Figo zikiwa zimeathirika sana na sukari, au umri umepita 65, tunaanza na miligramu 25. Vivyo hivyo kwa mzee anayetumia dawa ya tezi dume kama tamsulosin au doxazosin, kwa sababu nazo hushusha presha.

Kabla hujatoka kwenye chumba hicho, omba jambo moja ambalo litakuokolea pesa kuliko lolote lingine: "Daktari, niandikie sildenafil, sio jina la kampuni." Kisheria dawa hii hutolewa kwa karatasi ya daktari, na kile kilichoandikwa kwenye karatasi mara nyingi ndicho kemisti atakachokuuzia. Akiandika jina la biashara, utauziwa jina. Akiandika sildenafil miligramu 50 au 100, utachagua jeneriki. Usitegemee kuipata dirisha la dawa la hospitali hiyo hiyo. Duka la dawa la serikali huweka kwanza dawa za presha, sukari, malaria na maambukizi, na hii kwa kawaida utaandikiwa ukanunue nje. Ndiyo maana nasema hospitali ya umma itakusaidia kwa vipimo, kwa kubadilisha dawa na kwa ile karatasi. Kidonge chenyewe utakigharamia wewe.

Ukiwa na karatasi, nenda kemisti wakati hakuna msongamano, mathalani saa 4 asubuhi au saa 8 mchana. Jioni watu wanapotoka kazini utasimama foleni na majirani. Kama Kondele wanakujua wote, panda matatu uende mjini, hakuna ubaya. Ukifika kaunta huhitaji kutamka chochote. Mpe yule dada karatasi ikiwa imekunjwa na useme: "Naomba kuongea na mfamasia mwenyewe kando kidogo." Kemisti nzuri wana pembe au chumba kidogo cha mazungumzo. Huyo mfamasia naye anaweza kuwa binti wa miaka 28. Mzee wangu, amesomea jambo hili, amelihudumia mara nyingi, na kwake wewe ni baba mwenye sukari anayetaka kutumia dawa bila kudhurika. Ukimwonyesha picha za dawa zako kwenye simu, utamrahisishia kazi na hutalazimika kueleza mengi.

Na wewe umpime. Mfamasia anayejua kazi yake atakuuliza kama una maumivu ya kifua au dawa ya moyo, presha yako ilisoma ngapi mara ya mwisho, unatumia dawa gani nyingine, na kama uliwahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo miezi ya karibuni. Maswali hayo si udaku. Muuzaji ambaye hakuulizi hata moja na kukutolea kidonge kutoka droo ya chini, rudisha pesa zako mfukoni utafute duka lingine. Uliza pia bei ya kila jeneriki aliyo nayo, bei ya kidonge kimoja na bei ya pakiti, kisha pita duka la pili ulinganishe. Tofauti kati ya maduka mawili ya mtaa mmoja huwa kubwa kwa sababu tu wateja wa dawa hii huona haya kuuliza bei.

Kuna jambo hukulitaja na huenda halikuhusu, lakini wengi watakaosoma hapa Nyanza linawahusu. Wanaume wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi hulificha hilo kwa mfamasia. Walio kwenye kidonge kimoja cha siku chenye dolutegravir, ambacho ndicho wengi wanatumia sasa, hawana mgongano wa maana na sildenafil. Walio kwenye mstari wa pili, wenye chupa iliyoandikwa ritonavir pamoja na atazanavir au lopinavir, wana mgongano mkubwa. Ritonavir huzuia ini kuvunja sildenafil, hivyo miligramu 50 inakaa mwilini kama dozi kubwa mno. Kwao kiwango ni miligramu 25, si zaidi ya mara 1 kwa saa 48, na mfamasia ajue. Kama kulisema ni kugumu, onyesha chupa. Kazi yetu inatufunga kutunza siri ya mgonjwa.

Nirudi kwa mtu wako wa 12,000. Sina ugomvi na miti ya wazee. Ninachokijua ni kwamba unga, asali na kahawa zinazouzwa kama nguvu za kiume za asili zimekutwa mara nyingi, katika nchi nyingi, zimechanganywa sildenafil au tadalafil kisirisiri, kwa kipimo ambacho hata muuzaji hakijui. Dalili zake ni rahisi kutambua: mti wa asili unaofanya kazi ndani ya saa moja, uso ukawaka joto, pua ikaziba, kichwa kikauma, mara nyingine macho yakaona mwanga wa buluu. Hayo ndiyo madhara ya kawaida ya sildenafil. Ukiyapata baada ya kunywa mitishamba, elewa kwamba huenda umeuziwa ile dawa ya shilingi 50 kwa maelfu, bila mtu kukuuliza kama una dawa ya moyo.

Ukijaribu sildenafil kwa utaratibu nilioueleza na bado ikakataa, rudi kliniki na useme umeijaribu mara ngapi, kwa kipimo gani, na ulikuwa umekula nini. Ipo tadalafil, nayo ina jeneriki. Nguvu yake hudumu hadi saa 36 na chakula hakiisumbui, kwa hiyo wapo ambao ya kwanza iliwashinda na hii ikawafaa. Kwa kawaida bei yake iko juu kidogo, na marufuku ya naitreti ni ileile. Zaidi ya hapo kuna pampu ya kuvuta damu na sindano ya kwenye uume, mambo ya daktari bingwa wa njia ya mkojo kwenye hospitali ya rufaa. Wengi hawafiki huko.

Siku utakayoanza, mambo haya mke wako ayajue, maana yeye ndiye atakuwa karibu. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulegea, ni dharura ya usiku huo huo, usingoje asubuhi. Vivyo hivyo jicho likipoteza kuona ghafla au sikio kusikia. Na kifua kikikubana baada ya kumeza, acha tendo, nendeni hospitali, na neno la kwanza kwa daktari wa zamu liwe kwamba umemeza sildenafil na saa uliyoimeza. Kwa saa 24 baada ya sildenafil, na saa 48 baada ya tadalafil, hatakiwi kukupa ile dawa ya chini ya ulimi, na hawezi kulijua hilo msipomwambia.